Laptopu imeibwa, mlango haukuvunjwa: yanayokosewa katika barua kwa meneja wa hoteli

Tuchukue mfano. Mkaguzi wa hesabu kutoka Mwanza amelala siku tatu katika hoteli moja ya Masaka, Uganda. Siku ya pili anafunga chumba saa mbili asubuhi na kwenda kazini. Akirudi saa kumi na moja jioni anakuta mlango umefungwa vilevile, kitanda kimetandikwa, na laptopu haipo mezani. Mapokezi wanamwambia kwa upole kwamba pole sana, lakini kuna tangazo nyuma ya mlango. Anaamua kumwandikia meneja barua ya kudai fidia, na hapo ndipo dhana potofu zinapoanza kumwongoza kalamu.

Dhana: Tangazo la "Uongozi hautawajibika kwa mali iliyopotea" limeshamaliza kesi.

Halijamaliza. Mwaka 1949 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kesi ya Olley dhidi ya hoteli ya Marlborough Court. Mgeni alifunga chumba, akatundika ufunguo kwenye ubao wa mapokezi, mtu akauchukua na kuiba makoti yake ya manyoya. Hoteli ikajitetea kwa tangazo lililobandikwa chumbani. Mahakama ikasema makubaliano yalikamilika pale mapokezi, kabla mgeni hajaliona tangazo, kwa hiyo haliwezi kuwa sehemu yake. Uamuzi wa Uingereza haufungi mahakama za Uganda, lakini sheria ya mikataba ya nchi hii imejengwa juu ya misingi hiyohiyo, na mawakili huutaja.

Mambo hubadilika kama sharti hilo liko kwenye fomu uliyosaini wakati wa kuingia, au kama wewe ni mgeni wa mara kwa mara ambaye umeliona miaka yote. Ndiyo maana barua nzuri huomba nakala ya fomu ya usajili badala ya kubishana na karatasi ya ukutani.

Dhana: Kama mlango haukuvunjwa, hakuna wizi wa kudai.

Hili ndilo jibu ninalolisikia zaidi, na huwanyamazisha watu wengi bila sababu. Mameneja hulitamka kana kwamba linawasafisha, na kumbe linawarudia wenyewe. Chumba kilichofungwa na mgeni, kikakutwa kimefungwa na kitu hakipo, maana yake ya kwanza ni kwamba aliyeingia alikuwa na ufunguo. Na funguo za hoteli, ukiondoa ule ulio mfukoni mwako, zinatunzwa na hoteli.

Kwa hiyo sehemu nzito ya barua iwe hapa. Kama kitasa ni cha kadi, vingi vya aina hiyo huhifadhi ndani yake orodha ya kadi zilizofungua mlango, pamoja na saa: kadi ya mgeni, ya mfanya usafi, ya msimamizi. Fundi huisoma kwa kifaa kidogo anachokichomeka kwenye kitasa. Orodha hiyo ina nafasi yenye kikomo. Mlango ukiendelea kutumika, matukio mapya hufuta ya zamani. Picha za kamera za CCTV nazo hufutika hivyohivyo diski ikijaa, mara nyingine baada ya wiki chache tu. Kama kitasa ni cha ufunguo wa chuma, kama ilivyo katika loji nyingi, omba daftari la kukabidhiana funguo: nani alichukua spea, nani alikuwa na ufunguo mkuu, na kama ufunguo wa chumba hicho uliwahi kupotea na kitasa kisibadilishwe.

Mkaguzi wetu anaweza kuandika hivi:

*"Ndugu Meneja, nilifunga chumba saa mbili asubuhi na kukikuta kimefungwa saa kumi na moja jioni, bila alama ya kuvunjwa. Katika muda huo chumba kilisafishwa na wafanyakazi wenu. Naomba mhifadhi, bila kufuta, kumbukumbu za kitasa, picha za kamera za korido na daftari la funguo la siku hiyo, na mnijulishe kwa maandishi nani waliingia."*

Angalia kwamba hakumtaja mfanya usafi kwa jina wala kumwita mwizi. Wengi humtaja. Barua hupita mikono mingi ofisini, na tuhuma isiyo na ushahidi inaweza kukugeuza wewe kuwa mshtakiwa wa kashfa. Andika ulichokiona, polisi wamtafute mtu.

Dhana: Lazima uthibitishe uzembe wa hoteli.

Kwa hoteli inayopokea msafiri yeyote anayefika na kuweza kulipa, sheria ya kawaida iliyotoka Uingereza, ambayo mahakama za Uganda huitumia pale sheria iliyoandikwa isiposema vingine, ni kali kuliko wengi wanavyodhani. Tangu kesi ya Calye ya mwaka 1584, mwenye nyumba ya wageni hubeba dhamana ya mali ya mgeni iliyo ndani ya hoteli yake hata kama uzembe haukuonekana. Hoteli hujinasua ikionyesha kwamba kosa ni la mgeni mwenyewe au la mtu aliyekuja naye, kwa mfano ufunguo ulioachwa kaunta ya baa, au rafiki aliyeingizwa chumbani. Kuacha laptopu mezani ndani ya chumba kilichofungwa si lazima kuhesabiwe kosa, ingawa ikiwa kuna sefu chumbani hoja hiyo italetwa.

Nyumba ya kupanga kwa mwezi, au chumba cha mtu binafsi kilichokodishwa kwa simu, si hoteli kwa maana hii. Huko uzembe utalazimika kuuthibitisha.

Unachopaswa kuthibitisha kote ni kwamba laptopu ilikuwepo na ni yako. Ripoti polisi siku hiyohiyo, na namba ya SD utakayopewa kutoka kitabu cha kituo uiandike ndani ya barua. Ongeza risiti na namba ya mfululizo ya mashine, ambayo huwa kwenye boksi lake.

Dhana: Dai bei ya mpya, kazi zilizopotea na usumbufu wote.

Kinacholipwa kwa kawaida ni thamani ya kitu siku kilipopotea. Laptopu iliyonunuliwa kwa shilingi 2,800,000 miaka miwili iliyopita haidaiwi 2,800,000. Uliza duka la mitumba bei ya mashine kama hiyo leo, tuseme 1,600,000, na uambatishe makadirio hayo. Mafaili ya mteja yaliyopotea ni dai gumu, kwa sababu hoteli haikuweza kujua yapo wala yana thamani gani. Tarakimu zikivimba, meneja hupata kisingizio cha kukataa hata ile iliyo ya haki.

Dhana: Maneno "bila kuathiri haki zangu" juu ya barua huipa nguvu.

Maneno hayo ni ya mazungumzo ya suluhu. Barua ya suluhu iliyoandikwa hivyo kwa kawaida haiwezi kuonyeshwa mahakamani, na hii ndiyo barua utakayotaka kuionyesha. Yaache.

Badala yake mpe meneja siku 14 za kulipa. Dai lisilozidi shilingi milioni 10 linaingia katika utaratibu wa madai madogo wa mwaka 2011, mbele ya hakimu, bila mawakili, na mdaiwa hupewa kwanza notisi ya muda huo. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili Uganda, lakini mahakama huendeshwa kwa Kiingereza, hivyo ambatisha tafsiri. Toa nakala mbili, moja igongwe muhuri wa mapokezi na kuandikwa tarehe. Wakikataa kugonga, tuma barua hiyohiyo kwa baruapepe ya hoteli na kwa kampuni inayoimiliki.