Picha 27 za Mkataba Mmoja: Kutunza Mpangilio, Istilahi na Namba za Kurasa katika Tafsiri

Hati nyingi tunazoletewa kutafsiri siku hizi haziji zikiwa karatasi wala faili safi la kompyuta. Zinakuja zikiwa picha za simu, zimetumwa kwa mafungu, nyingine zimelala ubavu. Mfasiri anaweza kuichukua picha moja, akaitafsiri vizuri, akahamia nyingine, na kila ukurasa ukatoka sawa, kumbe hati nzima ina kasoro. Kasoro za aina hii hukaa kwenye maungio: pale ukurasa mmoja unapoishia na mwingine unapoanzia, na pale neno la ukurasa wa 2 linaporudi tena ukurasa wa 19.

Tuchukue mfano wa mkataba wa upangishaji wa jengo la biashara unaotafsiriwa kwenda Kiswahili. Chini ya kila ukurasa imechapwa namba yake pamoja na jumla, kwa mtindo wa "5 kati ya 24". Mwishoni kuna kiambatisho cha kurasa 3 chenye namba zake, 1 hadi 3. Mteja ametuma picha 27. Kurasa 24 ukijumlisha na 3 unapata 27, hesabu imetimia, na mfasiri mwenye haraka anaanza kazi papo hapo.

Asianze. Kabla ya kutafsiri hata sentensi moja, afungue kila picha na kuijazia mstari mmoja kwenye jedwali: jina la faili, namba iliyochapwa kwenye ukurasa, maneno matatu au manne ya kwanza, maneno matatu au manne ya mwisho, na chochote kisichokuwa maandishi ya kawaida, kama muhuri, sahihi au maandishi ya mkono. Kwa mkataba wetu kazi hii haifiki saa moja. Jedwali likijaa, mambo mawili yanajitokeza yenyewe: ukurasa wa 8 umepigwa picha mara mbili, na ukurasa wa 17 haupo. Kilichozidi kimefunika kilichopungua, na ndiyo maana jumla ilitoka sawa. Kuhesabu picha hakuthibitishi kitu.

Namba iliyochapwa nayo isiachwe itoe ushahidi peke yake, kwa sababu mara nyingi kidole cha mpigapicha au kivuli huwa kimeifunika. Ndiyo faida ya safu mbili za maneno ya mwanzo na mwisho. Ukurasa wa 16 unaishia katikati ya sentensi ya kifungu cha 11.4, na picha inayofuata inaanza na kifungu cha 12.2. Sentensi haikumalizika, na kifungu cha 12.1 hakijulikani kilipo. Hata kama namba zote zingefutika, pengo hilo lingeonekana. Hatari kubwa ni pale maungio yanapokubaliana kwa bahati: ukurasa mmoja unaishia na nukta, unaofuata unaanza na aya mpya, na msomaji anapita bila kuhisi kitu. Katika hati isiyo na vifungu vyenye namba, kama barua ndefu au maelezo ya shahidi, maungio ya namna hiyo yaulizwe kwa mteja moja kwa moja.

Picha mbili za ukurasa wa 8 zinahitaji jicho la pekee. Moja ni safi, nyingine imetikisika kidogo, na mkono unawasha kuifuta ile mbaya. Zilinganishwe kwanza mstari kwa mstari. Katika mkataba wetu, ile iliyotikisika inaonyesha siku 30 za notisi zimekatwa kwa kalamu, juu yake imeandikwa 60, na pembeni kuna herufi za kwanza za majina ya watu wawili. Picha safi haina alama hiyo. Kwa hiyo hizi ni nakala mbili tofauti za ukurasa huo, na pengine moja ilipigwa kabla ya marekebisho. Si kazi ya mfasiri kuamua ipi ina nguvu. Anamwuliza mteja, kwa maandishi, na jibu analihifadhi.

Kuhusu majina ya faili, neno fupi tu. Picha iliyopokelewa kwa WhatsApp kwenye simu huweza kuhifadhiwa kwa jina kama `IMG-20240312-WA0007.jpg`, na tarehe iliyomo ni ya kupokelewa, wala namba ya mwisho haina uhusiano wowote na mpangilio wa hati. Zipe picha majina mapya ukishamaliza jedwali, si kabla, kwa mtindo huu:

```
001_uk01.jpg
008a_uk08.jpg
008b_uk08.jpg
016_uk16.jpg
018_uk18.jpg
025_kiamb_uk1.jpg
```

Sifuri za mbele zina kazi. Bila hizo, baadhi ya programu hupanga 10 kabla ya 2. Nafasi ya 017 imeachwa wazi makusudi ili ukurasa ukija uingie mahali pake. Picha asili zibaki kwenye folda yake bila kuguswa. Mteja naye aombwe kutuma picha kama faili badala ya kama picha ya kawaida, kwa kuwa programu nyingi za ujumbe hupunguza ubora wa picha zinapozipitisha, na herufi ndogo za tanbihi huwa za kwanza kupotea.

Sasa istilahi. Mikataba ya namna hii kwa kawaida huwa na kifungu cha fasili mwanzoni, na hapo ndipo orodha ya istilahi inapoanzia. Lakini mfasiri asome hati yote kwanza, kwa sababu neno lililofasiliwa ukurasa wa 2 linaweza kuonyesha maana yake kamili ukurasa wa 14. Chukua fedha anayoiweka mpangaji mwanzoni na kurudishiwa mwishoni. Akiitafsiri ukurasa wa 3 kuwa "amana", ukurasa wa 11 kuwa "dhamana" na kwenye kiambatisho kuwa "malipo ya awali", msomaji ana haki ya kudhani ni fedha tatu, na wakili ana haki ya kubisha hivyo. Kwenye insha tungemsifu mwandishi kwa kubadilisha maneno. Kwenye mkataba, neno jingine ni kitu kingine.

Kosa la upande wa pili halisemwi sana, nami naliona baya zaidi. Hati asili ina aina mbili za taarifa: moja ya kusitisha mkataba, nyingine ya kumweleza mtu kwamba amekiuka masharti na ana siku kadhaa za kurekebisha. Mfasiri akiziita zote "taarifa" tu, siku za moja zinahamia kwa nyingine. Orodha yetu basi inatenga "notisi ya kusitisha" na "ilani ya ukiukaji", na kila istilahi imeandikiwa ukurasa ilipoonekana mara ya kwanza ili atakayeihoji ajue pa kutazama. Istilahi 20 hadi 30 zinatosha kwa mkataba wa ukubwa huu. Orodha ndefu kupita kiasi haifunguliwi na mtu.

Kazi ikigawanywa kwa wafasiri wawili, orodha hii ikamilike kabla ya mgawanyo, na mgawanyo ufuate vifungu badala ya picha. Mmoja akipewa picha ya 1 hadi 13 na mwingine ya 14 hadi 27, kuna sentensi itakayokatwa katikati, kila mmoja akiisubiri kwa mwenzake.

Ukaguzi wa istilahi kwa kompyuta una mtego wake kwa Kiswahili. Ukitafuta "mpangaji" hutapata "wapangaji", kwa hiyo tafuta "pangaji". "Mpangaji" na "mpangishaji" nayo yanafanana mno. Chunguza kila moja penye wajibu wa kulipa au kukarabati, kwani herufi chache zikibadilika deni linahamia upande wa pili. Usitegemee pia idadi ilingane na ya hati asili, maana Kiswahili mara nyingi humtaja mtu kwa kiambishi cha kitenzi tu. Ila pale ambapo "atalipa" inaweza kumhusu yeyote kati ya wawili, jina lirudishwe hata kama hati asili ilitumia kiwakilishi.

Usibadilishe neno kwa amri ya kubadilisha yote kwa mkupuo. Ukiamua "mkataba" uwe "makubaliano", kompyuta itakuachia "makubaliano huu utakoma", kwa kuwa haijui kwamba upatanisho unataka "makubaliano haya yatakoma". Badilisha moja moja, ukisoma sentensi nzima.

Namba za kurasa ndizo zinazochanganya wasomaji zaidi. Tafsiri haitaishia palepale hati asili ilipoishia. Kurasa 24 zinaweza kuwa 27, na sentensi inayosema "kama ilivyoelezwa ukurasa wa 14" ikiachwa hivyo bila msaada itampeleka msomaji mahali pasipo. Mfasiri akiibadilisha iwe ukurasa wa 16 wa tafsiri, mwenye hati asili mkononi naye anapotea. Njia tunayoitumia ni kuiacha 14 kama ilivyo na kuweka ndani ya tafsiri alama za mipaka ya kurasa za asili, kwenye mabano ya mraba: [uk. 14 wa hati asili]. Namba za tafsiri yenyewe zinakaa chini ya ukurasa kwa muundo tofauti, mfano "Tafsiri 16/27", zisije zikachanganywa.

Sentensi inapovuka mpaka wa kurasa, alama iwekwe wapi? Mpangilio wa maneno wa Kiswahili hautafuata ule wa asili, na alama iliyochomekwa katikati ya kirai huvuruga usomaji. Kanuni yetu ni kuiweka mwisho wa sentensi inayovuka, kila mara, na kanuni hiyo kuelezwa kwenye maelezo ya mwanzo. Kiambatisho kiwe na alama yake, [Kiambatisho, uk. 1], vinginevyo hati itakuwa na kurasa za 1 mbili. Ukurasa usio na namba usibuniwe namba, andika [ukurasa usio na namba, baada ya uk. 24]. Na hati asili ikiwa imekosea yenyewe, ikarudia 12 au ikaruka 19, kosa hilo linabaki kwenye tafsiri likiwa na maelezo ya mfasiri kando yake.

Ukurasa wa 17 usipopatikana kabisa, mahali pake paandikwe [uk. 17 wa hati asili haukuwasilishwa, matini inaendelea kutoka katikati ya kifungu cha 12]. Nusu ya sentensi ya kifungu cha 11.4 itafsiriwe ilivyo na kuishia kwa nukta tatu, bila kukisia mwisho wake. Tamko la mfasiri nalo litaje kilichotafsiriwa hasa: ukurasa wa 1 hadi 16 na wa 18 hadi 24, pamoja na kiambatisho cha kurasa 3, kutoka picha 27 alizokabidhiwa, ambazo mbili ni za ukurasa wa 8, na ipi kati ya hizo mbili ndiyo iliyofuatwa.