Bei tatu kwa kiroba kimoja: ujumbe wa bei kwa wateja wa jumla

Nawaandalia wasagishaji wa Dar es Salaam hesabu za mauzo, na ujumbe wa bei wanaowatumia wenye maduka kila wiki hupita kwangu kwanza. Nikipewa orodha yenye bei moja, kisha chini pameandikwa "malipo: kabla, mzigo ukifika, au mkopo", huwa nairudisha. Kwa bei moja, kila mwenye akili atachagua mkopo. Kila namna ya kulipa iwe na bei yake, na masharti yake yakae hapohapo:

"Wateja wetu wa jumla, habari za asubuhi. Sembe daraja la kwanza, kiroba cha kilo 25, kuanzia viroba 20, bei hadi dukani:
Ukilipa kabla: 33,000. Mzigo unafika ndani ya siku 2.
Ukilipa mzigo ukifika: 33,400. Hesabu na pima, lipa, ndipo tushushe.
Mkopo wa siku 14, kwa wenye makubaliano nasi: 34,000.
Makuli wa kushusha ni juu ya mteja. Bei mwisho Jumamosi saa 10 jioni."

Bei hizo ni za mfano. Tuchukue mama mwenye duka anayetaka viroba 40 na kuuza kila kimoja 35,000. Akilipa kabla anatoa 1,320,000 na kubaki na faida ya 80,000. Akichukua kwa mkopo atalipa 1,360,000, faida yake ni 40,000. Nusu ya faida imekwenda kwenye muda. Mkopo unamfaa tu ikiwa ile 1,320,000, akiitia kwenye sukari au mafuta, itamzalishia zaidi ya 40,000 ndani ya siku 14. Mteja akiiona hesabu hiyo hubishani naye juu ya bei, anachagua mwenyewe.

Anayelipa kabla ana hofu mbili: kutapeliwa, na bei kupanda pesa yake ikiwa tayari kwako. Mwambie jina litakalotokea kwenye simu anapolipa kwa Lipa Namba, na liwe lilelile la biashara. Likitokea la mtu mwingine, asimalize muamala. Mwandikie pia kwamba pesa ikishaingia bei haibadiliki, na mzigo usipofika ndani ya siku ulizoahidi anaweza kudai pesa yake yote.

Malipo ya mzigo ukifika ndiyo yanayovuja sana. Gari limefika, viroba vimepangwa stoo, halafu dereva anaambiwa mwenye duka katoka kidogo. Hapo tayari umekopesha, tena kwa bei ya fedha taslimu. Ndiyo maana nasisitiza maneno "ndipo tushushe". Mteja naye ana haki yake: ahesabu viroba garini, achague viwili vipimwe kwenye mizani, afungue kimoja aone unga. Akiridhika analipa, na dereva anasubiri simu ya ofisini ithibitishe kwamba pesa imeingia. Meseji iliyo kwenye simu ya mteja isimtoshe, maana za kughushi zipo nyingi.

Kwenye mkopo, andika siku zinaanza kuhesabiwa lini. Wengi wamezoea mali kauli, yaani nikiuza nitakulipa, na kisichouzika kinarudi. Mkopo wa siku 14 haumo humo: siku ikifika unalipa, unga umeisha au haujaisha. Mzigo ulioshushwa Jumatano tarehe 4 unalipwa mwisho Jumatano tarehe 18, na tarehe hiyo iandikwe kwenye hati ya kupokelea mzigo, mteja asaini. Akilipa nusu, nusu hiyo inapunguza deni la zamani kwanza, na mzigo mwingine wa mkopo hautoki hadi deni liishe.

Faini ya kuchelewa siipendi. Anayedaiwa akiona deni linakua anaacha kupokea simu, kisha anahamia kwa msagishaji mwingine. Mimi humrudisha kwenye bei ya 33,400: aendelee kununua kwa kulipa mzigo ukifika, huku akipunguza deni. Kwa njia hiyo duka lake halikauki unga, na ndilo linalokulipa.

Kiwango cha juu cha mkopo usikiweke kwenye ujumbe wa wote. Mwenye viroba 40 akijua jirani yake anakopeshwa 100, mazungumzo yote yatahamia huko. Mtumie kila mmoja wake, baada ya tangazo la bei: "Mama, kwa upande wako mkopo mwisho viroba 40. Vya wiki iliyopita 15 bado havijalipwa, kwa hiyo ukivimaliza, gari linakuja."