Kansa ya shingo ya kizazi: wakati kutoa kizazi si dawa

Kwenye maternite zetu za Bukavu kuna maneno ambayo kila munganga wa wanawake ameyasikia mlangoni. Majibu ya biopsi yametoka, ni kansa, na shangazi au shemeji wa mgonjwa anasimama na kusema: "Dokta, mutoshe tu ile kizazi, tumalize." Ombi hilo linaeleweka. Ugonjwa uko kwenye kizazi, kizazi kikiondoka na ugonjwa umeondoka. Munganga anapojibu kwamba hatapasua, familia inasikia kwamba mama ameachwa afe. Ndiyo maana ninaandika, kwa sababu kwa wagonjwa wengi tunaowapokea kutopasua ndiyo tiba yenyewe.

Shingo ya kizazi ni ile sehemu ya chini ya kizazi inayochungulia ndani ya uke. Kulia na kushoto imeshikwa na nyama laini zinazoifunga kwenye mifupa ya nyonga. Katikati ya nyama hizo, sentimita mbili hivi kutoka kwenye shingo yenyewe, hupita mirija miwili inayoteremsha mkojo kutoka figo hadi kibofu. Mbele kuna kibofu, nyuma kuna njia ya haja kubwa. Mpasuaji anayetaka kuondoa kansa yote lazima akate nje yake, kwenye nyama safi, na hapo nafasi ni finyu. Kansa ikiwa bado ndogo na imekaa ndani ya shingo, nafasi ya kukata inapatikana. Ikishaingia kwenye zile nyama za pembeni, kisu kitapita katikati ya kansa. Kipande kitatoka, mizizi itabaki.

Kwa hiyo swali la kwanza ni ugonjwa umefika wapi, na jibu tunalipata kwa mikono kabla ya mashine. Mama analala, tunatazama shingo kwa spekulamu, kile kifaa cha kufungulia uke, na kupima upana wa kidonda. Halafu tunaingiza kidole kimoja ukeni na kingine kwenye njia ya haja kubwa. Kipimo hiki hakimpendezi mtu, na ninajua wenzangu wanaokiruka kwa kumwonea mama haya. Lakini kidole cha nyuma ndicho kinachogusa zile nyama za pembeni. Zikiwa laini, ugonjwa bado uko ndani. Zikiwa ngumu kama kamba iliyokazwa, umetoka. Na kama ugumu unakwenda bila kuachia hadi kwenye mfupa, umefika ukutani. Ekografi ya figo inaongeza jambo moja kubwa: figo ikiwa imevimba kwa sababu ya mkojo uliozuiwa na kansa, ugonjwa huo ni hatua ya tatu, hata kama mama anatembea vizuri na hana maumivu.

Kwenye karatasi mtaona namba za Kirumi. Kansa isiyozidi sentimita 4, iliyobaki ndani ya shingo au iliyogusa kidogo tu sehemu ya juu ya uke, ni ya hatua ya kwanza au mwanzo wa ya pili, IB1, IB2 au IIA1. Hao ndio wa kupasuliwa. Operesheni yao si ile ya kutoa fibroma. Ni operesheni pana, ambayo waganga huita Wertheim: kizazi kinatoka pamoja na nyama za pembeni, kipande cha juu cha uke na tezi za nyonga. Inafanywa kwa kufungua tumbo, maana utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba wanawake waliofanyiwa kwa matundu madogo na kamera walirudiwa na ugonjwa na kufa zaidi. Wale wenye kansa ndogo kabisa, isiyofika sentimita 2 na isiyochimba ndani, kutoa kizazi kwa njia ya kawaida pamoja na tezi kunaweza kuwatosha.

Kwa mama kijana wa kundi hili upasuaji una faida nyingine. Ovari zinaweza kubaki, na hedhi ikikatika, homoni zinaendelea. Mionzi inaua ovari ndani ya wiki chache. Sema upasuaji nao una gharama yake: kibofu kinaweza kuchelewa kuamka, mama akae na sonda kwa siku kadhaa au wiki, na miguu inaweza kuvimba baada ya tezi kutolewa.

Ikizidi sentimita 4, au ikiingia nyama za pembeni, tiba ni mionzi pamoja na sisplatini, dawa ya kansa inayopitishwa kwenye mshipa. Watu huuliza kwa nini tusifanye vyote, tupasue halafu tuchome kwa mionzi. Jibu lilipatikana Italia mwaka 1997, wanawake 343 wa hatua za mapema walipogawanywa kwa kura, wengine upasuaji, wengine mionzi peke yake. Baada ya miaka mitano waliobaki hai walikuwa sawa pande zote mbili, 83 kati ya 100. Lakini wengi wa waliopasuliwa walilazimika kupewa mionzi pia, hasa wenye uvimbe mkubwa, na madhara makali yalikuwa 28 kati ya 100 upande wa upasuaji dhidi ya 12 upande wa mionzi. Utumbo na kibofu vilivyokwisha kuguswa na kisu huvumilia mionzi vibaya. Kule Mumbai pia walijaribu kuwapa wanawake dawa kwanza ili uvimbe upungue, ndipo wapasuliwe, wakawalinganisha na waliopewa mionzi na sisplatini tangu mwanzo. Matokeo yalitoka mwaka 2018: waliokaa miaka mitano bila ugonjwa kurudi walikuwa wengi zaidi kwenye kundi la mionzi, 77 dhidi ya 69 kati ya 100.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 47, muuza sambaza wa Kadutu. Amekuwa akitokwa damu baada ya tendo la ndoa kwa miezi minane. Kidonda kina sentimita 5, upande wa kulia nyama ni ngumu lakini ugumu haujafika mfupa, figo zote mbili ni nzuri. Hiyo ni IIB, hatua ya pili iliyokwisha kuingia nyama za pembeni. Hemoglobini yake ni 7, na hatuanzi hivyo. Tunamwongezea damu ifike 10 hivi, kwa sababu mionzi inahitaji oksijeni ndani ya uvimbe ili iue, na damu nyepesi inaibeba kidogo.

Bukavu hatuna mashine ya mionzi. Njia anayoweza kuifuata ni kuvuka bariera ya Ruzizi, kupita msitu wa Nyungwe hadi Kigali, ambako kituo cha kansa cha Kanombe kilianza kutoa mionzi mwaka 2019. Familia ipange makazi ya wiki nane, si ya siku tatu. Kabla ya kuondoka ipige simu iulize maswali mawili: nafasi iko lini, na je, mionzi ya ndani, ile ya kumalizia tiba, inapatikana hapohapo au anapelekwa kwingine?

Akifika, anachomwa mionzi kwa nje kila siku ya kazi, Jumatatu hadi Ijumaa, mara 25, kwa dakika chache tu kila mara. Hasikii kitu. Mara moja kwa wiki anapewa sisplatini kwa serumu. Kipimo kinatokana na ukubwa wa mwili: kilo 55 na sentimita 158 vinatoa mita za mraba 1.55, na kila mita inapewa miligramu 40, kwa hiyo anapata miligramu 62. Ni dozi ndogo, nywele kwa kawaida hazidondoki zote. Kazi yake ni kuzizuia seli za kansa zisijitibu baada ya mionzi. Faida hiyo ina kipimo chake. Tafiti zote zilipounganishwa, waliofika miaka mitano walipanda kutoka 60 hadi 66 kati ya 100, na faida ilikuwa ndogo zaidi kwa hatua ya tatu. Tiba kuu ni mionzi, sisplatini inaisaidia.

Ninasisitiza hapo kwa sababu ya yale yanayotokea wiki ya nne. Sisplatini inakula figo na kushusha chembe nyeupe za damu. Ndiyo sababu anawekewa serumu nyingi kabla na baada, anapimwa kreatinini kila wiki, na hapaswi kumeza diklofenaki wala ibuprofeni za dukani, wala kudungwa jentamisini bila waganga wake kujua, maana zote zinaumiza figo hizohizo. Tuseme wiki ya nne chembe zake nyeupe zimeshuka mno. Dozi ya sisplatini ya wiki hiyo inarukwa. Mionzi hairukwi. Kansa hii huanza kuota upya mionzi inaposimama, na matibabu yote yanatakiwa yaishe ndani ya siku 56. Kila siku inayozidi hapo inapunguza nafasi ya kupona.

Kosa baya zaidi linakuja baada ya wiki ya tano. Damu imekatika, harufu imekwisha, mama ananenepa kidogo, na pesa ya makazi imeisha. Anarudi nyumbani akidhani amepona. Bado hajapata mionzi ya ndani, ile inayowekwa kwa bomba dogo ndani ya kizazi chenyewe, mara nne kwa mfano. Mionzi hupimwa kwa grei: ile ya nje ilimfikisha grei 45 au 50, na uvimbe wa namna hii unahitaji 80 na zaidi. Kutoka nje huwezi kupandisha hadi hapo bila kuunguza utumbo na kibofu. Kutoka ndani inawezekana, kwa kuwa nguvu ya mionzi inaanguka haraka ukisogea sentimita chache. Kwa hiyo kizazi ambacho familia ilitaka kitolewe ndicho kinachoshikilia lile bomba. Mama aliyetolewa kizazi kwanza, kwa operesheni ya kawaida, wakati kansa ilikuwa imeshatoka nje, amepoteza mahali pa kuliweka.

Wanawake kama hao tunawapata. Alitokwa damu, akaambiwa ni fibroma, kizazi kikatolewa bila mtu kuitazama shingo kwa spekulamu, na kansa ikasomwa kwenye kipande kilichokwisha kukatwa, kama kilipelekwa maabara. Mama yeyote anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa au baada ya hedhi kukoma, na akaambiwa apasuliwe, aombe kwanza shingo ya kizazi itazamwe, na kikionekana kidonda kichukuliwe biopsi.

Mama wetu wa Kadutu anapimwa tena miezi mitatu baada ya siku ya mwisho ya mionzi, kwa spekulamu na kwa vidole viwili vilevile. Mapema zaidi ya hapo uvimbe unaweza kuonekana bado upo wakati unaendelea kufa. Uke wake umeanza kubana, anafundishwa kuupanua kwa kifaa laini mara kadhaa kwa wiki, na moto wa mwili unaompanda usiku ni wa ovari zilizosimama. Shingo ni laini, kulia hakuna kamba tena. Wifi yake anauliza kama sasa kizazi kinatolewa. Hakitolewi. Tungefikiria hivyo kama kidonda kingebaki katikati, biopsi ikathibitisha kwamba ni kansa hai, na picha zikaonyesha haijatoka nje ya hapo.