Kususia kikao cha nidhamu hakumfungi mwajiri mikono

Kuna sentensi moja nimechoka kuisikia. Mtu anakuja na barua yake ya kuachishwa kazi, namuuliza kwenye kikao cha nidhamu ulisemaje, ananijibu kwa kujiamini kabisa: "Sikwenda. Ningeenda ndio ningekuwa nimekubali." Au: "Nilijua nisipotokea hawawezi kuamua chochote." Ukimuuliza nani alimwambia hivyo anataja mfanyakazi mwenzake, shemeji yake, mtu fulani kwenye grupu la watsap. Naongelea Tanzania bara, sekta binafsi. Watumishi wa umma wana taratibu zao na Tume ya Utumishi wa Umma, msichanganye.

Ukweli ni huu. Kanuni za Utendaji Bora, zile za Tangazo la Serikali namba 42 la mwaka 2007, kanuni ya 13, zinasema wazi kwamba mfanyakazi akikataa kuhudhuria kikao bila sababu ya msingi, mwajiri anaweza kuendelea na kikao bila yeye. Kwahiyo ukibaki nyumbani kikao hakifi, kinaendelea na kiti chako kiko wazi. Shahidi wa mwajiri anaongea anachotaka, hakuna wa kumuuliza swali, katibu anaandika "mfanyakazi alipewa taarifa na hakuhudhuria", mwenyekiti anasaini, na baada ya siku chache una barua mkononi. Alafu ndio unataka kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yani CMA, kulalamika kwamba hukusikilizwa. Utalalamikaje hukusikilizwa na mlango uliufunga mwenyewe?

Na msiniambie kwamba mtatoa ushahidi wote mbele ya mwamuzi. Ni kweli, kule utapata nafasi ya kutoa ushahidi na kumhoji shahidi, na mwajiri ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kwamba sababu ya kukuachisha ilikuwa halali na utaratibu ulifuatwa. Lakini utaulizwa kwanini maelezo haya mazuri hukuyatoa kazini. Na malalamiko yako kuhusu utaratibu, ambayo mara nyingi ndio yana nguvu kuliko yote, yanakuwa yamelegea kwasababu hukuyasema palipotakiwa yasemwe.

Chukueni mfano wa stokipa wa ghala la vifaa vya ujenzi. Alhamisi saa 9 alasiri anapewa barua: "Unatuhumiwa kwa wizi na kutokuwa mwaminifu katika kipindi cha mwezi uliopita. Unatakiwa kufika mbele ya kamati ya nidhamu kesho Ijumaa saa 4 asubuhi." Basi, hiyo ndio barua nzima. Kosa la kwanza lipo kwenye muda. Kanuni inasema mfanyakazi apewe muda wa kutosha kujiandaa, na kwa kawaida usipungue masaa 48, na hapo kapewa 19. Kosa la pili lipo kwenye tuhuma yenyewe: wizi wa nini, kiasi gani, tarehe ngapi? Tuhuma inatakiwa itolewe kwa namna na lugha ambayo mfanyakazi anaweza kuielewa, na huwezi kujibu neno "wizi" likiwa peke yake, utajibu nini zaidi ya "sikuiba"?

Stokipa anayesikiliza ushauri wa grupu anazima simu Ijumaa. Anayejua haki yake anakaa palepale Alhamisi jioni anaandika barua fupi, haihitaji Kiswahili cha bungeni:

"Nimepokea barua ya tuhuma leo saa 9 alasiri. Naomba nielezwe ni mali gani imepotea, kiasi gani, kati ya tarehe zipi, na nipewe nakala za karatasi za kuhesabia stoku mtakazozitumia. Naomba kikao kisogezwe ili nipate angalau masaa 48 ya kujiandaa. Nitasindikizwa na mfanyakazi mwenzangu wa idara ya mauzo. Niko tayari kuhudhuria."

Hilo neno la mwisho, niko tayari kuhudhuria, ndilo linalokutofautisha na msusiaji. Mpe afisa utumishi, akusainie nakala na saa aliyopokea. Akigoma kusaini, tuma kwa imeli au watsap ili ibaki kumbukumbu. Mwajiri mwenye akili atasogeza mbele. Asiposogeza, unaenda hiyohiyo Ijumaa saa 4, na kabla hawajasoma tuhuma unamwambia mwenyekiti: naomba iandikwe kwenye muhtasari kwamba nimepewa masaa 19, niliomba muda na nakala, sijapewa. Kisha unaendelea kujibu unachoweza. Hapo umeweka pingamizi lako na hapohapo hujampa mtu nafasi ya kusema ulikataa kuja.

Sasa tuseme kimesogezwa mpaka Jumanne na karatasi umezipata, unaona kumbe wanasema mifuko 35 ya saruji imepungua kati ya stoku iliyohesabiwa mwisho wa mwezi na ile ya tarehe 14. Hapo ndio unakumbuka tarehe 3 mpaka 9 ulikuwa likizo na funguo alibaki nazo supavaiza. Kikaoni ushahidi unatakiwa utolewe mbele yako, sio mwenyekiti kusema "tunajua". Na una haki ya kumuuliza maswali shahidi wa mwajiri na kuleta shahidi wako. Maswali yenyewe yanatosha matatu, ya kawaida kabisa. Tarehe 3 mpaka 9 funguo alikuwa nazo nani? Makabidhiano yaliandikwa? Niliporudi tarehe 10 mifuko ilihesabiwa kabla sijapewa funguo? Supavaiza akijibu "nilikuwa nazo mimi, hatukuandikishana, hatukuhesabu", ile kesi ya wizi imebadilika sura, kwasababu hakuna anayeweza kusema ilipotea mikononi mwa nani. Hakikisha majibu hayo yameingia kwenye muhtasari. Stokipa angesusia, supavaiza angesema tu "stokipa ndiye mwenye ghala" na ingeishia hapo, na sidhani kama miezi kadhaa baadae mbele ya mwamuzi angekumbuka vizuri hivyo tena.

Angalieni pia nani kakaa kwenye kiti cha mwenyekiti. Anatakiwa awe mtu wa uongozi mwenye cheo cha kutosha ambaye hakuhusika na tukio. Kama mwenyekiti ni yule supavaiza aliyeshika funguo, sema palepale, iandikwe, halafu endelea. Sio unanyamaza ukisubiri kuja kuwashtukiza CMA, hiyo michezo huwa haiwasaidii.

Kama kweli huwezi kufika, umelazwa au umefiwa, hiyo ni sababu ya msingi, ila itoe kabla ya kikao na kwa maandishi, na karatasi ya hospitali kama ipo. Kukaa kimya hakuhesabiwi kuwa sababu.

Mengine ntayapitia haraka.

"Nilishajibu barua ya kujieleza, kwahiyo kikao kimeisha." Hapana. Barua ya kujieleza mara nyingi ni sehemu ya uchunguzi, na uchunguzi unamsaidia mwajiri kuona kama kuna sababu ya kuitisha kikao. Zipo hali za kipekee zinazoweza kufanya mwajiri asiweze kufuata utaratibu wote, lakini kusema "alishatujibu kwa maandishi" peke yake sio kikao. Hili waajiri nao wanalikosea sana, mtu anajibu Jumatatu Jumatano kafukuzwa, hakuna aliyemkalisha wala kumuonyesha ushahidi. Wewe usiwasaidie kukosea. Malizia jibu lako kwa kusema utatoa maelezo zaidi kwenye kikao, na usijibu kwa hasira, kwasababu kila neno la ile barua litasomwa tena mbele ya kamati.

"Naenda na wakili wangu." Kwenye kikao cha ndani kanuni inakupa haki ya kusaidiwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzako. Wakili hayumo kwenye hiyo haki, wakimzuia getini hawajavunja kanuni isipokuwa kama sera ya kampuni inamruhusu. Wakili nafasi yake ipo CMA. Na huyo mwenzako sio pambo, yupo kukusaidia, kwahiyo msichague mtu kwa sababu ni rafiki wa kunywa nae chai. Mimi siku zote nasema chagua mtu anayeandika haraka na asiyemuogopa bosi, ambaye sio shahidi wa tukio hilohilo maana shahidi wako unamuhitaji aongee kama shahidi. Kaeni nae kabla, gawaneni kazi: wewe unajibu, yeye anaandika kila swali na kila jibu na kukugusa ukianza kupandisha. Ile daftari yake ndio itakayobishana na muhtasari wa mwajiri siku mtakapotofautiana kilichosemwa.

"Usisaini chochote." Ushauri mbaya kuliko unavyosikika. Kusaini kwamba umepokea barua sio kukiri kosa, andika "nimepokea", tarehe na saa, na hiyo saa ndio inayothibitisha kwamba ulipewa masaa 19. Muhtasari usome wote kwanza, kama wameruka jambo andika kwa mkono pembeni ya saini yako ni jambo gani wameruka. Cha kutosaini ni barua ya kukiri au ya kujiuzulu uliyoandikiwa na mtu mwingine, hata wakikuambia ukisaini mambo yataisha vizuri.

"Wakishanikuta na hatia basi tena." Bado kuna hatua moja ambayo watu wanaitupa. Kabla adhabu haijaamuliwa una haki ya kutoa sababu za kupunguziwa: miaka uliyofanya kazi, rekodi safi, mazingira ya tukio, kama ni kosa la kwanza. Kosa la kwanza kwa kawaida halitakiwi kumfukuzisha mtu kazi isipokuwa liwe zito kiasi cha kufanya ajira isivumilike, kama udanganyifu mkubwa, uzembe mkubwa au kushambulia mtu. Watu wanakasirika wanatoka wakibamiza mlango, na hapo ndipo onyo la maandishi lingeweza kupatikana.

Jambo la mwisho ni tarehe. Ukiachishwa una siku 30 kupeleka mgogoro CMA, tangu siku ya kuachishwa au siku mwajiri alipotoa uamuzi wake wa mwisho, ukichelewa inabidi uombe kwanza kuongezewa muda na utoe sababu. Na kama ulikuwa na chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo, sehemu ya sheria inayohusu kuachishwa isivyo halali haikuhusu, kwahiyo kabla hujaja kuniona tafuta mkataba wako uangalie tarehe ya kuanza kazi, na uje na ile nakala ya barua yenye saa.