Kwa nini kuruka na kuinua uzito hujenga mfupa kuliko kuogelea

Kuna swali ambalo waogeleaji hutuletea mara kwa mara kliniki. Mtu anaogelea karibu kila siku, moyo wake ni imara, mabega yamejaa misuli, lakini kipimo cha msongamano wa mfupa wa nyonga kinatoka chini kuliko alivyotarajia. Anauliza kama mashine imekosea. Kwa kawaida haijakosea. Waogeleaji wa mashindano walipolinganishwa na watu wasio na mazoezi maalumu, mara nyingi mifupa yao ya nyonga na mgongo haikuonekana kuwa na tofauti kubwa, ilhali wacheza jimnastiki na voliboli huwazidi waziwazi.

Sababu iko ndani ya mfupa wenyewe. Mfupa uko hai. Katika ile sehemu yake ngumu mmezikwa seli zinazoitwa osteosaiti, kila moja kwenye kishimo chake, zikiwa zimeunganishwa na mikono myembamba inayopita katika vijifereji vilivyojaa majimaji. Unapotua chini kwa kishindo, mfupa wa mguu hupinda na kubonyea. Hubonyea kidogo mno: kipande cha sentimita 20 kikifupika kwa milimita 0.2 tu, yaani sehemu 1 katika 1,000, mfupa tayari umebeba mzigo mkubwa. Lakini kubonyea huko kunayasukuma majimaji kwenye vijifereji, na mtiririko huo ndio unaoziamsha osteosaiti.

Kasi ni muhimu hapa. Mfupa ukibonyezwa ghafla, majimaji hukimbia kwa nguvu. Ukibonyezwa polepole, au ukishikiliwa pale pale bila kuachiwa, majimaji hupata muda wa kutulia na seli hazihisi chochote cha maana. Ndiyo maana kusimama muda mrefu kukiwa na mzigo begani hakujengi mfupa kama vile mizigo inayokuja na kuondoka.

Osteosaiti zikiwa zimetulia, hutoa kwa wingi protini iitwayo sklerostini, ambayo huzizuia seli za ujenzi, osteoblasti, zisifanye kazi. Zikihisi mzigo, hupunguza sklerostini na ujenzi unaanza. Mzigo ukikosekana kabisa mambo huenda kinyume: seli za kubomoa, osteoklasti, hupata nafasi. Katika safari za miezi kadhaa angani, wanaanga wamekuwa wakipoteza kati ya asilimia 1 na 1.5 ya mfupa wa nyonga kila mwezi.

Jambo hili hutokea pale tu mzigo ulipopita. Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa wachezaji tenisi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1977 ulipiga eksirei mikono yote miwili ya wachezaji mahiri, na ukakuta kwamba ukuta wa mfupa wa juu wa mkono unaoshika raketi ulikuwa mnene zaidi ya ule wa mkono mwingine kwa asilimia 35 kwa wanaume na 28 kwa wanawake. Damu ni ile ile, chakula ni kile kile, homoni ni zile zile. Kilichotofautiana ni vishindo vya mpira.

Sasa turudi majini. Mtu aliyezama hadi shingoni hubaki na takriban sehemu moja ya kumi tu ya uzito wake, kwa sababu maji yanamwinua. Anapoogelea, hakuna kutua. Misuli inavuta mifupa, ni kweli, na kwa bidii, lakini maji hupinga kila mwendo kwa ulaini, hivyo nguvu hupanda taratibu na kushuka taratibu. Nyonga na uti wa mgongo, sehemu ambazo tunaogopa zaidi zisivunjike uzeeni, hazipati msukumo wa ghafla hata mara moja katika saa nzima ya kuogelea. Mapafu na moyo vinafaidika sana, na mwenye viungo vinavyouma hupata nafuu, kwa hiyo sina sababu ya kumwambia yeyote aache kuogelea. Ninachosema ni kwamba kazi ya mfupa inahitaji kitu kingine kiongezwe.

Chukua mwanamke wa miaka 40, mwenye kilo 60 na mifupa isiyo na tatizo. Akiruka juu papo hapo na kutua kwa miguu miwili, ardhi inaweza kumrudishia nguvu ya mara 3 au 4 ya uzito wake, kama vile kilo 180 hadi 240 zimemkandamiza, na nguvu hiyo hufika kileleni ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Hahitaji kuruka kwa saa nzima. Katika jaribio la mwaka 1984, Rubin na Lanyon waliubonyeza mfupa wa bawa la jogoo kwa mashine. Kuubonyeza mara 4 kwa siku kulitosha kuuzuia usipungue. Mara 36 kuliuongeza. Mara 1,800 hakukuleta nyongeza zaidi. Seli huchoka kusikiliza haraka, kisha huhitaji saa kadhaa kurejesha usikivu wake. Kwa mwanamke wetu, miruko 20 asubuhi na 20 jioni, kwa mapumziko mafupi kati ya mruko na mruko, ina maana zaidi kuliko miruko 200 mfululizo.

Kuinua uzito hufika mahali pale pale kwa njia nyingine. Hakuna kishindo, lakini nguvu yenyewe ni kubwa sana. Misuli ya mgongo imejishikiza karibu sana na pingili, hivyo ili kuinua chuma kilicho mbele ya mwili hulazimika kuvuta kwa nguvu iliyozidi uzito wa chuma mara kadhaa, na nguvu hiyo yote hukandamiza pingili. Uzito mwepesi unaoinuliwa mara 30 haufiki huko. Mwaka 2018 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya wanawake waliokoma hedhi na wenye mifupa mepesi. Kwa miezi 8, mara 2 kwa wiki, dakika 30 kila mara, waliinua uzito mkubwa kwa seti 5 za mara 5, na wakafanya pia zoezi la kuruka na kutua. Mfupa wa kiuno uliongezeka kwa takriban asilimia 2.9, wakati wenzao waliofanya mazoezi mepesi nyumbani walipoteza kama asilimia 1.2.

Lakini wanawake wale walianza taratibu, wakisimamiwa na wataalamu kila kipindi. Aliyewahi kuvunjika pingili, au aliyegunduliwa kuwa na mifupa dhaifu, asianze kuruka peke yake nyumbani.

Hata mwenye mifupa mizuri anaweza kuharakisha mno. Mfupa unapokarabatiwa, osteoklasti hutangulia kuchimba kwa wiki chache, kisha osteoblasti hujaza shimo kwa miezi kadhaa. Ukizidisha mizigo ghafla, mashimo hujazana kabla ya kuzibwa na ufa mwembamba hutokea. Utautambua kwa maumivu yaliyo mahali pamoja, unapoweza kupaonyesha kwa kidole kimoja, yanayoongezeka unapokanyaga na baadaye kubaki hata ukipumzika. Hapo acha kuruka, umwone daktari. Eksirei ya wiki za kwanza inaweza isionyeshe kitu, kwa hiyo maumivu yakiendelea usikubali kuambiwa kwamba hakuna tatizo kwa sababu ya picha hiyo pekee.

Kwa kuwa mzunguko mmoja wa kuchimba na kujaza huchukua miezi, kipimo cha kulinganisha kinachorudiwa baada ya wiki 8 hakina cha kusema. Subiri angalau mwaka, na upimwe kwa mashine ile ile.