Nyumba iko Mwanga, mshahara uko Leeds

Wiki hii nimepigiwa simu ileile tena, safari hii na dada aliye Uingereza. "Hela niliyonunulia nyumba nilishakatwa kodi huku kwenye mshahara. TRA wanataka nini tena?"

Wanataka kodi ya pango, dada. Mshahara ni pato moja, pango ni pato jingine. Nyumba iko Mwanga, hapa Kigoma, kwa hiyo pango lake ni pato la Tanzania. Akiba uliyotuma haitozwi kodi ya mapato kwa sababu tu imevuka mpaka. Benki ikiuliza chanzo cha fedha, inatimiza sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha. Ipe hati za mshahara na taarifa za akaunti ulikoweka akiba. Ila ukituma hela ya nyumba kwa mdogo wako na kuandika "matumizi ya nyumbani", karatasi zako zitapingana.

Kwa dada huyu zilipingana kwenye pango pia. Shirika lilipanga nyumba kwa 500,000 kwa mwezi, yaani 6,000,000 kwa mwaka. Mwenye nyumba asiye mkazi hukatwa asilimia 15 ya pango lote, bila kuondoa ukarabati: 900,000. Lakini mdogo wake alisaini mkataba kwa jina lake na TIN yake, shirika likakata asilimia 10 ya mkazi, 600,000. Dada akafurahia 300,000 iliyobaki. Hiyo 300,000 bado ni deni. Tena Uingereza humtoza mkazi wake kwa mapato ya dunia nzima. Haina mkataba wa kodi na Tanzania, ila sheria yake yenyewe inaruhusu kutoa kodi halali iliyolipwa huku. Dada ataithibitishaje, wakati cheti cha kodi ya zuio kina jina la mdogo wake?

Na neno "mkazi" lenyewe watu hulichukulia kirahisi. Wengi wanajua tu kanuni ya kukaa nchini siku 183 kwa mwaka. Sheria pia inamhesabu kuwa mkazi mtu mwenye makazi ya kudumu Tanzania aliyekuwepo nchini sehemu yoyote ya mwaka huo. Nyumba yote ikiwa na mpangaji, nitasimama mbele ya ofisa nikisema si makazi yako. Lakini dada amejiwekea chumba cha uani, kina kitanda na nguo zake, na kila Krismasi analala humo. Hapo siwezi kumwapia. Akihesabiwa mkazi, pango litakatwa asilimia 10, lakini mshahara wa Leeds nao utaweza kuulizwa huku, na atalazimika kuonyesha kodi aliyolipa kule ili ipunguzwe.

Tumeandika mkataba upya kwa jina na TIN ya dada. Mdogo wake amesaini kwa niaba yake, kwa hati ya uwakilishi. Kuhusu chumba cha uani, nimemshauri akipangishe pamoja na nyumba.