Kapasita za kiwandani: zinapunguza kVA, si yuniti

Dhana: Ukifunga kapasita, yuniti zitashuka.
Wateja wa TANESCO wa daraja la T2 na T3 hulipia vitu viwili: yuniti walizotumia na mzigo wa juu kabisa wa mwezi, unaopimwa kwa kVA. Kapasita inagusa hicho cha pili. Tuchukue kiwanda cha plastiki pale Chang'ombe chenye mzigo wa kW 200 na pawa fakta, yaani kW ukigawa kwa kVA, ya 0.75. Kinavuta kVA 267. Ukiipandisha hadi 0.95, kinavuta kVA 211, nazo kVA 56 zinatoka kwenye bili kila mwezi. Yuniti zitapungua kidogo tu, kwa sababu nyaya zinapoteza joto dogo zaidi. Fundi anayeahidi nusu ya bili, mwombe hesabu.

Dhana: Nikihitaji kVAr 110, nanunua kapasita zilizoandikwa 110.
Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. kVAr ni kipimo cha nguvu isiyofanya kazi ambayo mota huihitaji na kapasita huitoa. Hesabu yenyewe ni hii:

Q = P × (tan φ1 − tan φ2)

Q ni kVAr, P ni kW, na φ1 na φ2 ni pembe za pawa fakta ya sasa na ile unayoitaka. Kwa 0.75, tan ni 0.882, kwa 0.95 ni 0.329. Tofauti ni 0.553, na ukizidisha kwa 200 unapata kVAr 111. Sasa soma lebo: kapasita nyingi za dukani zimeandikiwa volti 440, wakati njia yako ina 400. kVAr hufuata mraba wa volti, kwa hiyo kapasita ya 25 inatoa 20.7 tu. Gawa 111 kwa 0.826 upate kama 134. Paneli ya kVAr 137.5 inatosha: kapasita tano za 25 na moja ya 12.5. Kwenye volti 400 zitatoa karibu 114.

Dhana: Zikizidi hazina hasara.
Usiku mashine zimezimwa, imebaki kompresa na taa, kW 40. Mzigo huo, kwa pawa fakta ileile ya 0.75, unahitaji kVAr 35 tu. Ukiacha zote 114 zimewaka, 79 zinarudi kwenye laini, kVA zinapanda kutoka 53 hadi 88, na volti inapanda pia. Ndiyo maana kila kapasita iwe na kontakta yake, na kontrola iziingize na kuzitoa moja moja.

Kontrola nayo inategemea CT, kifaa cha kupima mkondo, iliyokaa mahali sahihi: kwenye kebo kuu, kabla ya paneli ya kapasita, ione mzigo na kapasita kwa pamoja. Ikifungwa upande wa mashine peke yake, kontrola haioni kazi ya kapasita hata kidogo. Dalili yake ni rahisi: hatua zote sita zinaingia, namba kwenye skrini inabaki 0.75.

Dhana: Kapasita za kawaida zinafaa kiwanda chochote.
Penye draivu nyingi za kubadili kasi ya mota, mikondo ya masafa ya juu, yaani hamoniki, huzichemsha kapasita hadi zivimbe na fyuzi kukatika. Hapo agiza zenye riakta, yaani koili ya kuzuia hamoniki, ya asilimia 7. Riakta hupandisha volti ya 400 hadi 430 kwenye kapasita, hivyo chukua zilizoandikiwa 480 au zaidi, kisha urudie hesabu ya kVAr kwa lebo hiyo mpya.